Jinsi ya kuhakiki kwamba sura uliyoitengeneza haifanani na mtu wa kweli

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka mwisho. Unatengeneza bango la kuwaonya watu kuhusu matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa wa benki, na unahitaji sura ya tapeli. Picha ya mtu wa kweli haifai, maana hakuna anayestahili kubandikwa ukutani kama mwizi ilhali hajaiba. Kwa hiyo unaiambia programu ya akili unde ikutengenezee mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani na ndevu fupi zenye mvi, amevaa suti ya buluu, kiongozi anayeaminika, amesimama mbele ya vipaza sauti. Sura inatoka safi kabisa. Kabla ya kuipeleka kwa mchapaji kuna jambo la kujiuliza: je, kuna mtu atakayeliona bango akasema, "Mbona huyu ni fulani?"

Ufanano wa aina hii huja kwa njia tatu, na kila njia ina namna yake ya kuikamata. Ya kwanza ni modeli, yaani mfumo uliofunzwa kwa picha nyingi ambao ndio unaochora ndani ya programu, kurudisha picha iliyofunzwa nayo, karibu kama ilivyo. Hili ni nadra, lakini lipo: mwaka 2023 watafiti waliijaribu Stable Diffusion, modeli ya kutengeneza picha, kwa mamilioni ya picha na wakapata nakala takriban 100, nyingi zikiwa za picha zilizojirudia mara nyingi sana kwenye data ya mafunzo. Njia ya pili ndiyo inayotokea zaidi. Modeli huvutwa na mtu mashuhuri kwa sababu imeona maelfu ya picha zake zikiambatana na maneno kama yale uliyoyaandika. Ya tatu ni bahati tu: mahali fulani duniani kuna mtu asiyejulikana mwenye sura ya namna hiyo. Hiyo ya tatu hakuna kipimo kinachoweza kukuhakikishia kwamba haipo, na ina hatua yake huko chini.

Hatua ya 1: Tengeneza picha nyingine kwa maelezo yaleyale

Usianze kwa kuichunguza picha moja. Acha maelezo yako kama yalivyo, acha mipangilio yote, badilisha `seed` peke yake, yaani ile namba ambayo programu huanzia nayo kuchora, kisha toa picha nane au kumi. Ziweke kando kwa kando kwenye skrini moja.

Maelezo yakiwa salama, utaona wanaume kumi tofauti walioshabihiana kwa umri na mavazi tu. Ukiona mwanamume mmoja amejirudia, pua ileile, taya lilelile, macho yaleyale, ujue tatizo haliko kwenye picha bali kwenye maelezo au kwenye modeli yenyewe. Baadhi ya modeli zilizoboreshwa na watumiaji hutoa sura moja kila mara, kwa hiyo jaribu maelezo yaleyale kwenye modeli nyingine. Yule bwana akikufuata hata huko, maneno yako ndiyo yanayomwita.

Kwenye bango letu, maneno ya kutilia shaka ni mawili: "kiongozi" na "vipaza sauti". Mtu wa kawaida hapigwi picha mbele ya vipaza sauti. Wanaopigwa picha hivyo ni mawaziri, wasemaji wa serikali, makocha na watangazaji, na hao ndio wenye picha nyingi zenye majina. Ndivyo ilivyo pia kwa "tajiri wa teknolojia", "bingwa wa mbio ndefu" au "malkia wa muziki": ni maneno yanayowaelekea watu wachache sana. Yaondoe, ueleze mwili na umri badala ya cheo. Jina la mtu usiliweke kamwe kwenye maelezo, hata kama ni la kubuni, kwa sababu jina la kawaida likikaa karibu na kazi fulani laweza kumvuta mtu halisi mwenye jina hilo.

Angalia pia mandhari ya nyuma. Ikiwa picha mbili zenye `seed` tofauti zina pazia lilelile, mwanga ukitoka upande uleule na kichwa kimeinama vilevile, au kuna herufi zilizovurugika pembeni kama mabaki ya nembo ya mpiga picha, hiyo ni dalili ya nakala. Zitupe zote uandike maelezo upya.

Kama ulitumia picha ya mtu kama kielelezo cha kuanzia, au faili ya nyongeza ya `LoRA` uliyoipakua mahali, anza kwa kuuliza ilitokana na nani. Faili hizo huweza kufunzwa kwa picha chache za mtu mmoja. Usipojua asili yake, isitumike kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Waulize watu, na uwaulize vizuri

Kwa watu mashuhuri, macho ya binadamu yanazidi programu yoyote utakayoipata, ila yawe macho ya watu wanaofaa. Wewe mwenyewe hufai sana. Umeitazama picha kwa muda mrefu mno, na pengine yule anayefanana naye humjui hata kidogo.

Tafuta watano au sita miongoni mwa wale watakaoliona bango, wenye umri tofauti. Mtangazaji aliyevuma miaka ishirini iliyopita vijana hawamjui, na mwimbaji anayevuma leo wazee hawamjui. Umbali nao una uzito: utafiti wa saikolojia umeonyesha mara nyingi kwamba watu huzitambua vizuri zaidi sura za jamii wanazoishi nazo. Kwa hiyo picha ya mzee wa jamii moja ihakikiwe na watu wa jamii hiyo, si na mbunifu aliye bara jingine.

Kata picha ibaki kichwa na mabega, bila maandishi wala mandhari. Mwonyeshe kila mmoja peke yake, kwa sekunde chache, kisha uliza: "Huyu anakukumbusha nani?" Usiulize, "Anafanana na fulani?" Ukishataja jina umeliharibu jaribio, kwa sababu kuanzia hapo mtu huanza kulitafuta jina hilo usoni. Kwa sababu hiyohiyo usiitume kwenye kundi la WhatsApp. Wa kwanza akijibu, wanaofuata watamfuata.

Majibu yapime hivi. Akisema "simjui", vizuri. Akitaja jirani yake au mjomba wake, andika, lakini usishtuke, kwa sababu kila mtu ana mjomba wa namna hiyo. Mmoja akitaja mtu mashuhuri, nenda ukapime. Wawili wakitaja mtu yuleyule bila kusikiana, picha hiyo imekwisha. Kwa bango la tapeli mimi sisubiri hata huyo wa pili, kwa maana sura inayobandikwa kosa inahitaji tahadhari kubwa kuliko sura ya mteja anayecheka kwenye tangazo la viatu.

Tuseme kati ya watano, mmoja anasema bila kusita, "Ni yule mtangazaji wa taarifa ya habari ya usiku." Wanne hawakumtaja mtu. Tunaye mshukiwa mmoja. Kwa bango la tapeli hilo latosha kuitupa picha, lakini tuendelee tumpime ili uone kipimo kinavyofanya kazi.

Hatua ya 3: Tafuta kwa picha

Hatua hii ni fupi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu zana zinazotumika hazifanyi kazi moja. TinEye hutafuta picha ileile, hata ikiwa imekatwa au kubadilishwa rangi. Haitafuti sura zinazofanana. Inafaa kukamata nakala ya data ya mafunzo, basi. Google Lens huvutwa na suti na miwani kiasi kwamba mara nyingi hukuletea maduka ya nguo. Utafutaji wa picha wa Yandex huleta sura zinazokaribiana zaidi.

Tafuta mara tatu: picha nzima, uso peke yake, na uso uliogeuzwa kushoto kuwa kulia. Kutopata kitu hakuthibitishi kwamba mtu huyo hayupo. Kunaonyesha tu kwamba hakuna picha inayokaribia mno ndani ya kile kilichoorodheshwa na zana hizo.

Kuna pia huduma zinazolinganisha nyuso zenyewe, kama PimEyes. Mimi siishauri kwa kazi hii. Ukiipa sura isiyo ya mtu yeyote, haitakujibu kwamba mtu huyo hayupo. Itakuletea wale walio karibu zaidi, na hao ni watu binafsi wenye kurasa zao, ambao hawajaomba kuchunguzwa ili wewe upate bango. Unawaingilia wengi ili kujibu swali ambalo huduma hiyo haiwezi kulijibu.

Hatua ya 4: Mpime mshukiwa

Programu za kutambua nyuso hugeuza uso kuwa safu ya namba. ArcFace, kwa mfano, hutoa namba 512 kwa kila uso. Kisha hupima umbali kati ya safu mbili: umbali ukiwa mdogo, nyuso zimekaribiana. DeepFace, mkusanyo wa msimbo wa Python ulio tayari kutumika, hukuwezesha kulifanya hilo kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kumpelekea mtu picha yoyote:

```python
from deepface import DeepFace

r = DeepFace.verify(
    img1_path="bango.png",
    img2_path="mshukiwa_1.jpg",
    model_name="ArcFace",
    detector_backend="retinaface",
)
print(r["distance"], r["threshold"], r["verified"])
```

Namba ya kwanza ni umbali. Ya pili ni kizingiti cha programu, ambacho kwa ArcFace ni 0.68. Neno la mwisho ni `True` au `False`, yaani ni mtu mmoja au si mmoja kwa maoni ya programu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanasoma neno hilo la mwisho na kuondoka. Kizingiti hicho kiliwekwa kwa swali jingine, la kama picha mbili halisi ni za mtu mmoja. Sisi tunauliza kama sura ya kubuni imemkaribia mtu kupita kiasi, na hapo `False` yenye umbali wa 0.70 na `False` yenye umbali wa 1.00 ni majibu mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo tengeneza kipimo chako mwenyewe, chenye makundi matatu. Chukua picha tano za mtangazaji wetu zilizochapishwa hadharani, uzilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Hapo utajua yeye hujikaribia kiasi gani. Kisha chukua watu mashuhuri ishirini wengine wa umri wake, jinsia yake na rangi yake ya ngozi, baadhi wakiwa na miwani na ndevu, uwalinganishe na sura ya bango. Hapo utajua mtu asiyehusika hukaa umbali gani. Mwisho linganisha sura ya bango na zile picha tano za mtangazaji.

Tuseme umepata hivi: mtangazaji kwa mtangazaji, kati ya 0.25 na 0.45. Sura ya bango kwa wale ishirini, kati ya 0.82 na 1.05. Sura ya bango kwa mtangazaji, kati ya 0.66 na 0.74. Picha moja iko chini ya kizingiti na nne ziko juu yake, kwa hiyo anayesoma `True` na `False` pekee angesema wingi umeshinda na kazi ni salama. Lakini tazama makundi. Sura yetu imetoka nje ya kundi la wasiohusika, kwa picha zote tano, ikamwelekea mtu mmoja, tena yuleyule aliyetajwa na shahidi. Hiyo si bahati. Tupa picha hiyo.

Sababu ya kuwachagua hao ishirini kwa uangalifu si ndogo. Ripoti ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ya Desemba 2019 ilionyesha kwamba programu nyingi za kutambua nyuso ziliwaoanisha watu wawili tofauti mara nyingi zaidi pale nyuso zilipokuwa za Waafrika au za Waasia wa Mashariki kuliko za Wazungu, kwa tofauti ya kati ya mara 10 na mara 100 kutegemea programu. Ukimpima mwanamume Mwafrika ukatumia Wazungu ishirini kama kundi la wasiohusika, karibu Mwafrika yeyote ataonekana amekaribia mno. Kundi likifanana na mshukiwa, kosa hilo la programu huwapata wote sawasawa, na tofauti inayobaki inakuwa na maana.

Kuna anayefikiria kuruka mashahidi wote na kuilinganisha sura na hifadhi nzima ya picha. Hesabu hii imsaidie kuamua. FFHQ, mkusanyo uliotumika kufunza StyleGAN, mfumo wa kutengeneza sura za watu, una picha 70,000 zilizotoka Flickr. Kama programu yako hukosea mara moja tu katika kila ulinganisho 10,000, sura mpya kabisa isiyofanana na yeyote bado itapata "watu" saba humo kwa makosa matupu. Kupima kuna faida pale unapokuwa na jina la kupima. Bila jina, unazalisha washukiwa.

Programu ikisema yuko mbali lakini mashahidi wawili wakasema ni yeye, wafuate mashahidi. Programu huukata uso na kuacha karibu kila kitu kinachouzunguka, ilhali mtu mashuhuri hujulikana pia kwa kilemba chake, fremu za miwani, mtindo wa nywele na namna anavyoinamisha kichwa. Watakaoliona bango hawatalikata.

Hatua ya 5: Ukirekebisha, rekebisha katikati ya uso

Kishawishi ni kumwongezea kofia, kubadilisha nywele na kuondoa miwani. Ukimtazama baada ya hapo utamwona mtu mwingine, na ni kweli kwako. Watafiti wa utambuzi wa sura wanajua tangu zamani kwamba mtu tusiyemfahamu tunamshika zaidi kwa nywele na umbo la kichwa, lakini tunayemfahamu tunamtambua zaidi kwa macho, pua na mdomo. Wewe usiyemfahamu mtangazaji umebadilisha kile ulichokuwa ukikitazama. Wanaomfahamu wanatazama kilekile, na hakijaguswa.

Kinachofaa kwa kawaida ni kuanza upya: ondoa maneno yanayovuta, badilisha umri kwa miaka kumi, chukua `seed` nyingine. Ukilazimika kuibakiza picha, badilisha nafasi kati ya macho, urefu wa pua na umbo la midomo, kisha rudi hatua ya 2 na mashahidi wapya. Wale wa mwanzo wameshaiona sura ya kwanza na hawataisahau.

Kwenye bango letu tuliondoa "kiongozi" na vipaza sauti, tukaandika "mwanamume wa makamo, uso mpana, akiongea na simu". Picha nane zikatoa wanaume wanane. Mmoja wao hakuna shahidi aliyemfananisha na mtu yeyote, na kwa kuwa hakuna mshukiwa, hakuna wa kumpima.

Hatua ya 6: Mtu asiyejulikana

Watu duniani wamepita bilioni 8. Kuthibitisha kwamba hakuna hata mmoja anayefanana na tapeli wetu hakuwezekani, na anayekuuzia hakikisho hilo anakuuzia hewa. Lakini uso peke yake ni nadra kumwumiza mtu asiyejulikana. Kinachomwumiza ni uso pamoja na mambo mengine yanayomwelekea yeye: jina, kazi, mahali. Mtu mwenye sura kama hii akiishi mbali, hakuna atakayemfikiria. Akiwa ni mfanyakazi wa benki katika mji uliotajwa kwenye bango, na jina la kwanza likalingana, ana haki ya kuamini umemkusudia, na wenzake wataamini hivyohivyo.

Kwa hiyo kagua kinachouzunguka uso. Usimpe tapeli jina kamili. Kama lazima awe na jina, litafute pamoja na kazi na mji uone kama yupo. Sare isifanane na sare ya kampuni halisi. Ondoa beji na namba ya gari, na usiweke nyuma yake jengo linalotambulika. Andika wazi, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali, kwamba sura hii imetengenezwa kwa kompyuta na si ya mtu yeyote.

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu

Hifadhi maelezo uliyoandika, jina na toleo la modeli, `seed`, tarehe, idadi ya mashahidi, majibu yao bila majina yao, na umbali ulioupata kama ulipima. Zile picha za mtangazaji na za watu ishirini zifute baada ya kupima, hazina kazi tena.

Kumbukumbu hizo utazihitaji siku mtu atakapokuja kusema, "Huyu ni mimi." Akija, ondoa picha kwanza, ndipo ufungue faili. Usimwombe picha zake ili "tuhakikishe", na usimwonyeshe namba za programu kumthibitishia kwamba hafanani. Kama watu wake wamemwona yeye kwenye bango, bango limeshamfikia, na kutengeneza sura nyingine ni kazi ya mchana mmoja. Mwandikie kwamba sura ilitengenezwa bila kutumia picha yake, mweleze imeondolewa lini na wapi, na umpe nafasi ya kukwambia ni wapi kwingine ameiona ikiwa bado imebandikwa.